Aliyekula L na Kubaki Chumbani

Shemeji yangu, mke wa kaka, alianza ufundi wa kushona akiwa na miaka arobaini na sita, baada ya miaka kumi na tisa ya kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Watu walimwambia kachelewa. Akawajibu kwamba cherehani haiulizi mtu tarehe ya kuzaliwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha chumba katika jengo la mafundi, ghorofa ya pili, mlango wa nne kushoto. Nasema mapema kwamba haikuwa huruma. Nauza vitambaa ghorofa ya chini, na fundi mpya ni mteja mpya.

Chini ya ngazi za jengo lile kuna ukumbi wa michezo ya video. Mwenyewe ni mwanamke anayetengeneza simu, tunamwita Dada Chipu. Ana skrini nne na viti vya plastiki, na wachezaji wake wana vifua vya kupigia mbiu. Kila wanachopiga kelele kinapanda ngazi hadi kwetu. Hakuna fundi hata mmoja pale juu aliyewahi kushika pedi ya mchezo, lakini maneno hayalipi kiingilio. Fundi akivunja sindano: "Nub!" Umeme ukikatika, korido nzima inaitikia "GG!" kwa sauti moja. Mpiga pasi akiunguza kola, amekula L. Mteja akirudi baada ya kuondoka kwa maringo, tumekula W, yaani ushindi. Mzee mmoja wa kutoboa vitundu vya vifungo, ambaye bado anaishikilia simu yake kama yai, nilimsikia akimwambia mkewe, "Mchuzi umeungua? Basi GG, tule mkate."

Baadaye wakaongeza sheria yao wenyewe. Ukiharibu kitambaa cha mteja, unachorewa L kubwa mlangoni kwa chaki ya fundi, nayo inakaa hapo hadi saa ya kufunga. Mwenye mlango haruhusiwi kuifuta. Wote waliikubali, maana kila mmoja aliamini itamfika jirani.

Siku ya kwanza ya shemeji, alitunga uzi kwenye ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo. Ovaloki ina utaratibu wake: nyuzi za kulabu zinatangulia, za sindano zinamalizia. Yeye akaanza na za sindano. Uzi ukakatika mara tatu. Mlangoni alikuwa amesimama fundi mkuu wa korido, Bwana Suti, mtu wa tepu shingoni na pini mdomoni.

"Nub!" akasema, na pini haikumtoka.

Kufikia mchana shemeji alikuwa Mama Nub. Kufikia mwisho wa wiki mteja alipanda ngazi akauliza, "Mama Nub ni yupi?" wakacheka, naye akacheka, kisha akaingia mlango mwingine. Hapo ndipo mzaha ulipogeuka hasara. Jina la fundi ni kibao chake, na kibao kile walikiandika watu wengine.

Shemeji hakulia wala hakununa. Alinijia akaniuliza, "Shemeji, hili neno nub maana yake nini hasa?"

"Mjinga," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

Nikatafuta aliyeniambia, sikumpata.

Mwezi wake wa tatu ikaja kazi yenyewe. Nyumba ya wageni ya barabara ya pili ilitaka mapazia ya vyumba arobaini. Meneja wake, mwanamke mkavu asiyependa salamu ndefu, alimkumbuka shemeji kutoka enzi za mashuka, na sifa za Bwana Suti alikuwa amezisikia. Akaamua kila mmoja ashone pazia la dirisha moja, yatundikwe Jumamosi saa nne, naye achague. Kwa Suti ilikuwa kazi juu ya kazi. Kwa shemeji ilikuwa kubaki fundi au kurudi kwenye pasi, kwa sababu mlango wake ulikuwa haujagongwa na mteja kwa siku kumi na moja.

Kitambaa nilikiuza mimi, kwa wote wawili, bei ileile. Kilikuwa na maua makubwa, na ua lilijirudia kila sentimita sitini na nne. Kitambaa cha namna hiyo kina mtego. Pazia lina vipande viwili, na ukikata cha pili pale pale ulipoishia cha kwanza, maua hayataangaliana. Lazima uruke, uanze kwenye ua lilelile. Shemeji hakuruka. Alhamisi asubuhi alivilaza vipande viwili mezani, na ua la kushoto likawa juu ya la kulia kwa shubiri nzima na zaidi.

Suti alipita, akaona, akafurahi mpaka akatoa pini mdomoni.

"GG!" akaita koridoni. "Jamani, GG! Mchezo umeisha!"

"GG!" wakaitikia milango yote. Chaki ikatoka mfukoni mwa mtu, L ikachorwa, ndefu kama mlango wenyewe.

Shemeji akaitazama. Kisha akashuka ngazi, akanipita bila salamu, akaingia ukumbi wa michezo. Nikamfuata. Nilidhani anakwenda kugombana, na ugomvi wa bure sijawahi kuukosa.

"Dada Chipu," akasema, "maneno yenu yametupandia huko juu. Nifafanulie moja moja."

Dada Chipu alikuwa na simu iliyofunguliwa tumbo. Akaweka bisibisi chini.

"Nub si mgeni, mama. Mgeni ni mgeni tu, kila mtu alianza. Nub ni yule anayefanya kosa lilelile kila siku, akiambiwa anatukana. Kuna watu hapa wamecheza miaka minane, bado nub."

"Na GG?"

"Hiyo ni adabu. Maana yake mchezo ulikuwa mzuri. Inaandikwa mchezo ukiisha, na aliyefungwa anaiandika pia. Tena yeye ndiye inampendeza zaidi. Ukiiandika kabla haujaisha, hayo ni matusi. Na ukiiandika mapema halafu ukageuziwa, utachekwa mpaka ubadilishe jina."

"Kula L?"

"Kukubali umefungwa. Huanzi kusingizia mtandao, huvunji pedi. Unakula, unameza, unaomba mechi nyingine." Akaonyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa akivaa viatu kwa hasira huku skrini yake ikiendelea. "Kibaya ni kile pale. Anaondoka katikati. Anayetoka kabla ya mwisho mfumo unamfungia, hapati mechi ya pili kwa muda. Hata zawadi ndogo ya aliyefungwa anaikosa. Aliyefungwa akabaki, anaipata."

Shemeji alisikiliza kama mtu anayesomewa mkataba. Tukatoka.

"Shemeji," akaniambia kwenye ngazi, "una kitambaa cha rangi moja, kijani kama haya majani ya maua?"

"Ninacho."

"Mita ngapi zimebaki?"

"Nne."

"Basi ni kipande cha mwisho, hakuna atakayekinunua. Nusu bei."

"Robo tatu."

"Kakae nacho."

Nikamuuzia kwa nusu. Mtu anayejua kwamba mabaki ni mabaki hadanganyiki.

Alikata juu ya kipande kimoja na chini ya kingine mpaka maua yakaangaliana. Pazia likawa fupi, akaongeza pindo pana la kijani chini ya vipande vyote viwili. Alishona mlango ukiwa wazi, na L ikitazama watu wanaopita. Walipomwita Mama Nub aliitika, "Bado nashona," basi. Suti, kwa upande wake, alikwisha kusema GG. Kazi ya pazia alikuwa ameimaliza, akarudi kwenye suti zake za maharusi, wala hakujisumbua kuuliza vyumba arobaini vinatakiwa lini.

Jumamosi saa nne tulikuwa katika chumba cha nyumba ya wageni: meneja, Suti, shemeji na mimi na sampuli zangu. Meneja akatundika yote mawili, akarudi nyuma hadi ukutani, akatazama kwa muda mrefu.

"Hili la pindo limeshonwa vizuri," akasema, "lakini naona mtu aliyekuwa anatafuta njia ya kutoka. Nachukua la fundi huyu."

Alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningechukua la Suti. Suti akatabasamu akamgeukia shemeji, akingoja kumwona akitoka mlangoni.

Shemeji akampa mkono. "GG, fundi. Maua yako yamekaa. Nimefungwa."

Suti akashika mkono ule bila kujua aufanyeje. Katika miaka yote ya GG koridoni kwetu, hakuna aliyewahi kuipokea.

Na shemeji hakutoka. Alisimama kando ya ngazi ya kutundikia kama mtu mwenye shughuli. Kwa hiyo alikuwepo meneja alipofungua daftari lake.

"Sasa tarehe. Wageni wangu wa mkutano wanaingia baada ya wiki mbili. Vyote arobaini viwe tayari."

Pini ikamdondoka Suti. "Wiki mbili? Nina suti sita za maharusi. Nitajitahidi."

"Kujitahidi si tarehe."

"Vyumba vya nyuma ni vingapi?" shemeji akauliza.

Meneja akageuka kana kwamba ngazi imesema. "Kumi na vinne. Lakini maua yako yalikataa kuangaliana."

"Yalikataa, na kosa ni langu. Nimelifanya mara moja. Nipe hivyo kumi na vinne. Fundi huyu atanionyesha namna ya kuruka ua kabla sijashika mkasi, na kila kipande changu atakikagua kabla hakijaja kwako. Kikipinda, usikipokee."

"Mimi nifundishe?" Suti akaruka. "Nani kasema?"

"Huwezi arobaini. Utashindwa, naye ataita fundi wa barabara nyingine, wote tupoteze. Au chukua ishirini na sita ukiwa na usingizi wako."

Suti alifumba macho akapiga hesabu. Najua sura ya mtu anayepiga hesabu ambayo tayari inamshinda.

"Na sharti langu moja," shemeji akaongeza. "Vyumba vyangu vina jina langu kwenye risiti. La kuzaliwa, si la koridoni."

"Andika jina lake," Suti akamwambia meneja, polepole kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumatatu asubuhi kitambaa kilikuwa kimetandazwa kwenye meza ya shemeji, na Suti ameinama juu yake na tepu, akionyesha kwa kidole. "Hapa kitovu cha ua. Weka alama. Nenda mpaka kitovu kingine kama hiki, weka alama. Hicho cha katikati usikiguse."

"Na mabaki?"

"Mabaki ni mabaki. Bora kitambaa kipotee kuliko ua."

Mlango ulijaa vichwa. Mpiga pasi hakujizuia. "Mama Nub anafundishwa! Nub!"

Shemeji hakuinua uso. "Nub ni wewe, uliyeunguza kola nne kwa pasi ileile. Mimi nafundishwa. Ondoka kwenye mwanga wangu."

Korido ikalipuka kicheko, na safari hii mpiga pasi ndiye aliyetafuta pa kutazama. Shemeji akapima tena kutoka kitovu hadi kitovu, akamtazama Suti.

"Sitini na nne," akasema Suti. "Kata."