Anwani Iliyobaki Mikononi mwa Bosi

Siku niliyoacha kazi katika shirika moja la misaada hapa Juba, walitaka funguo, kitambulisho na kompyuta, nikavirudisha vyote. Barua pepe ya kazini waliifunga jioni ileile, nami sikuona neno. Shida ni kwamba anwani hiyohiyo ndiyo niliyoitumia, miaka mingi nyuma, kufungua akaunti yangu kwenye tovuti ya watafsiri.

Tovuti ile ndiyo inayonilisha. Mtu wa Nairobi au wa Ulaya akitaka maandishi yake yageuzwe kuwa Kiarabu cha Juba au Kiswahili, ananipata pale, anasoma maoni ya wateja walionitangulia, ananipa kazi. Maoni yale hayahamishiki. Ukifungua akaunti mpya, unaanza kama mtu aliyejifunza kusoma jana.

Simu yangu ilikuwa bado imeingia kwenye akaunti, kwa hiyo nilidhani kubadilisha anwani ni kazi ndogo. Nilikuwa nyumbani, mtaa wa Lemon Gaba, mtandao unakuja na kuondoka. Nikaandika anwani mpya, nikaweka nenosiri, nikaambiwa niingize namba ya uthibitisho. Namba ilikuwa imetumwa kwenye anwani ya zamani.

Nilienda ofisini kumwona aliyekuwa bosi wangu. Lazima nieleze kwamba huyu hakuwa bosi tu. Tulisoma pamoja bweni moja nchini Kenya wakati wa ukimbizi, tukalala kitanda cha juu na cha chini, na Kiswahili tunachozungumza tulikipata kule. Lakini nilipomwambia naacha kazi yake nijitegemee, aliacha kuniita dada.

Nilimwomba anifungulie sanduku la barua pepe ile kwa muda mfupi tu, hata yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu, nisome namba moja kisha nitoke. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alisema sera haimruhusu mtu aliyeondoka kugusa barua za shirika. Hilo nililielewa. Kisha akaongeza, "Na hata hivyo sanduku lilifutwa. Hakuna mtu anayeliona."

Nikarudi nyumbani nikamwamini.

Chini ya ile sehemu ya kuingiza namba kulikuwa na maneno madogo: siwezi kufikia barua pepe hii. Nikayabonyeza. Wakataka picha ya pasipoti na picha yangu nikiwa nimeishika. Jibu likaja kwamba jina la pasipoti si jina la akaunti. Ni kweli. Akaunti niliifungua kwa jina lililo kwenye vyeti vyangu vya Kenya, ambako karani wa shule aliliweka jina la babu mbele na kubadilisha herufi moja. Pasipoti ya Sudan Kusini imefuata namna mama yangu anavyolitamka. Nikaenda kwa wakili mmoja mtaa wa Kator, akaniandikia hati ya kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayesikiliza hadithi ya mwizi, lakini akapiga muhuri.

Nikatuma hati. Safari hii walikubali. Waliniarifu kwamba anwani haitabadilika papo hapo: kuna siku kadhaa za kungoja, na taarifa imepelekwa kwenye anwani ya zamani ili, kama mwombaji ni tapeli, mwenye akaunti apate nafasi ya kuzuia. Niliona ni utaratibu mzuri. Sanduku lilikuwa limefutwa, nani angezuia?

Nikasubiri. Kisha ukaja ujumbe ndani ya akaunti: ombi lako limefutwa na mtu aliyethibitisha kupitia barua pepe ya zamani kwamba hakuliomba.

Nilikuwa napika. Nilizima jiko nikakaa. Sanduku lilikuwa hai. Kuna mtu alikuwa analisoma, alikuwa ameisoma ile taarifa yenye jina langu, na alikuwa amebonyeza kwa makusudi kwamba mimi si mimi.

Kesho yake mlinzi wa geti, mzee wa Uganda aliyekuwa akinichekea zamani, hakunifungulia. "Madamu amesema wewe ngojea hapa," alisema, akitazama pembeni. Nikangoja juani, vumbi la magari likinipitia. Madamu mwenyewe alitoka wakati wa chakula, akasimama upande wa ndani wa geti.

Nikamuuliza nani anasoma sanduku langu.

"Si lako. Barua zinazoingia pale zinakuja kwangu."

"Uliniambia limefutwa."

"Nilikuambia huwezi kulifungua."

Nikamwambia alijua fika ombi lile ni langu. Hakukana. Alisema wateja wale niliwapata nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, kwa mtandao aliokuwa akiulipia, kwa hiyo nisije kudai akaunti kana kwamba niliijenga peke yangu. Nikamjibu kwamba nilikuwa nikitafsiri baada ya kazi, na nikamkumbusha alivyokuwa akinituma kutafsiri hata hotuba zake za harusi za ndugu. Mlinzi alijifanya anafagia.

"Fungua akaunti nyingine basi," alisema. "Si unasema unajua kazi?"

Wakati akitembea kurudi ndani, ndipo lilipoingia wazo la kunitisha. Mtu anayesoma barua za sanduku lile hahitaji kunizuia tu. Anaweza kuomba nenosiri jipya, kiungo kikaenda kwake, akaniondoa kwenye simu yangu mwenyewe na kujibu wateja kwa jina langu. Sikujua kama angefika huko. Asubuhi ile sikujua pia kama angefika hapa.

Nilikaa kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, nikaandikia huduma ya wateja pale pale. Mara hii sikuandika kwamba siwezi kufikia anwani ya zamani. Niliandika kwamba anwani ya zamani iko mikononi mwa mtu mwingine anayeitumia dhidi yangu, nikaambatanisha hati ya kumaliza kazi. Jibu lilikuwa tofauti kabisa. Waliifunga akaunti kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Baadaye wakanipigia kwa video, wakaniambia nigeuze uso kulia na kushoto na pasipoti ikiwa mkononi, na wakatuma namba kwenye simu niliyoisajili tangu mwanzo. Anwani ya zamani wakaitoa bila kupeleka huko taarifa yenye kitufe cha kuzuia. Wakaniambia nibadilishe nenosiri na niondoe vifaa vyote nisivyovitambua.

Akaunti ilirudi, na maoni yote yakiwa pale. Lakini ilipokuwa imefungwa, mteja aliyekuwa akinipa vijitabu vya kliniki alichoka kusubiri, akampa mtu mwingine, na hajarudi. Hilo sijamsamehe bosi wangu wa zamani.

Mama yake alinipigia. Anaishi Nesitu, na wakati wa ukimbizi aliwahi kunishonea sare ya shule. Alisema amesikia tumegombana kwa ajili ya mambo ya kompyuta, akataka nimpigie binti yake nimalize. Nilimwambia kwa heshima kwamba yeye nitaendelea kumtembelea, lakini binti yake aanze yeye. Mama akasema, "Anasema hivyohivyo juu yako."

Jumapili mimi na binti yake huwa tunasali kanisa moja. Anakaa mbele, mimi nakaa karibu na mlango. Padri akituambia tupeane amani, kila mmoja wetu anageukia upande mwingine.