Lifti ya Mtoto wa Dada

Muuza vitunguu huyu hapandi lori hovyo. Humkazia dereva macho, humnusa pumzi kama ana pombe, na humuuliza anakoelekea kabla yeye mwenyewe hajataja aendako. Akiona tairi vipara, anasonya na kugeuka. Kwenye lori la mtoto wa dada yake tu ndiko hupanda bila swali, akauchapa usingizi njia nzima.

Leo usingizi ulimkataa. Juu ya mteremko mrefu, mngurumo wa injini ukafifia ghafla.

"We, gari limezimika?"

"Hapana, mama mdogo. Nimetoa gia liserereke lenyewe, nibanie dizeli. Hapa huwa nafanya hivi siku zote."

Siku zote! Na yeye akikoroma pembeni!

"Rudisha gia! Simamisha, unishushe na magunia yangu!"

"Lakini mimi si mwanao?"

"Ndiyo maana sikukukagua!"