Pakua kwa Marehemu

Mwenye mgahawa aliitazama video kwenye simu ya bintiye, akairudia, na bado hakuelewa. Mteja mmoja alikuwa amekunja uso mbele ya sahani yake. "Maharage yamechacha! Halafu nimesikia jikoni wakisema 'pakua kwa marehemu'. Jamani, tunalishwa mabaki ya msibani!"

Video ilikuwa imesambaa kama moto. Watu ambao hawajawahi kukanyaga pale walikuwa wakiapa kwamba hata wao waliumwa tumbo. Mchana ule viti vingi vilikaa vitupu, na mama wa watu hakujua acheke au alie. Marehemu ni sufuria! Ni ile kubwa yenye tumbo aliyoinunua mumewe walipofungua mgahawa. Alipofariki, mpishi akaibandika jina hilo kwa utani, nalo likaganda.

Akaanza kuandika kwa hasira: "Marehemu ni mume wangu, na mkome!"

"Mama, ukiposti hiyo watasema tumempika," bintiye akamzuia.

"Sasa niandike nini, mwanangu? Mimi kichwa kinazunguka."

"Kwanza tujue. Maharage yalichacha au hayakuchacha?"

Wakamwita mpishi. Akajikuna kisogo.

"Mama, yalibaki ya jana. Sufuria haiingii kwenye friji, nikaifunika nikaiacha jikoni. Asubuhi nikaongezea mapya."

"Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Ndivyo, Mama."

Mwenye mgahawa akakaa kitini pu! Sufuria ile ilivyo nene na yenye kina, katikati chakula hukaa na uvuguvugu mpaka kuche, na uvuguvugu ndio unaochachisha. Alimkasirikia mteja, akajikasirikia mwenyewe, kisha, Mungu amsamehe, akamkasirikia hata mumewe.

Jibu lao likatoka chini ya video ile ile: "Ndugu mteja, ni kweli maharage yalichacha. Kosa ni letu, tunaomba radhi. Hatukuyapoza ipasavyo. Kuanzia leo chakula kinachobaki kinagawanywa kwenye trei za kina kifupi ili kipoe haraka, kinaingia friji kikiwa na tarehe, na hatuchanganyi cha jana na cha leo. Marehemu ni jina la sufuria yetu; hatupiki mabaki ya msiba. Tumekutumia ujumbe, tuzungumze."

Wengine walisamehe, wengine waliendelea kuicheka sufuria. Mteja mwenyewe alijibu neno moja: "Sawa." Mama akalisoma na kulisoma, asijue kama ni sawa ya amani au ya kejeli.

Trei mpya zikapangwa, za kupozea na za kupakulia, tarehe zikabandikwa, sufuria ikapelekwa stoo. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja. Siku moja, jiko limepamba moto, mpishi akapaza sauti kama alivyozoea:

"Pakua kwa..."

Jikoni wote wakamgeukia mama.

"Kwenye trei," akasema. Kisha akaingia stoo, akaishika sufuria masikio yote mawili, akalia kama aliyefiwa jana.