Uwanja Tuliouona Tambarare

Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu, na kitu nilichokitaka kuliko vyote ni kuwa mmoja wa wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Shule ikishuka mjini Tukuyu kwenye mashindano ya wilaya, hao wanne wanapewa jezi mpya, na wanakaa mbele kwenye gari. Nilikuwa nimeikosa nafasi hiyo mwaka wa kwanza, nikaikosa na wa pili. Sikutaka kusikia habari ya mwaka wa nne, maana mwaka wa nne ni mtihani, hakuna anayekuruhusu kukimbia.

Sasa, mwalimu wa michezo alikuwa na kawaida ya kuchagua kwa macho. Anakuangalia unavyokimbia, anasema "wewe, na wewe, na yule". Mwaka jana akaja madam mpya wa hisabati, ametokea Shinyanga, akamwambia waunganishe vipindi. Darasa letu lilikuwa linafeli sana takwimu na grafu. Akasema watoto wapime wenyewe, wakimbie wenyewe, halafu zile namba ndizo tutakazozifanyia hesabu. Mwalimu wa michezo akakubali, akaongeza na lake: muda utakaopatikana siku hiyo ndio utakaochagua timu. Wasichana wanne wenye muda mdogo, basi.

Mimi niliposikia hivyo nilifurahi. Macho ya mtu unaweza kubishana nayo, saa huwezi.

Tulianzia darasani, na mimi nilikuwa nimeshavaa raba tayari kwa uwanja. Madam akatukalisha wawili wawili kupima mapigo ya moyo tukiwa tumetulia. Mwenzangu alikuwa msichana ninayekaa naye dawati moja, kwao Ikuti, baba yake analima chai. Mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo. Nikamshika mkono kwa kidole gumba.

"Toa gumba," madam akaniambia. "Gumba lina mapigo yake lenyewe. Utahesabu moyo wako uandike wa mwenzako. Vidole viwili, hapa, chini ya gumba lake."

Unahesabu kwa sekunde kumi na tano, halafu unazidisha kwa nne upate ya dakika nzima. Mwenzangu nikampata kumi na sita, kwa hiyo sitini na nne. Yeye akanipata kumi na nane, sabini na mbili.

"Moyo wako una haraka kama wewe," akaniambia.

Mvulana mmoja wa nyuma aliandika sabini na tano. Madam akasimama juu yake.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimehesabu, madam."

"Ukizidisha kwa nne, unapataje sabini na tano?"

Darasa zima tukacheka. Kumbe hakuhesabu, amebuni. Akarudia.

Ndipo tukaenda uwanjani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, nyasi bado zina maji. Tepu ya shule ni ya mita thelathini, kwa hiyo mita mia tulizipata kwa kuivuta mara tatu halafu kuongeza mita kumi. Kila mwisho wa tepu tunachomeka kijiti, na kile cha mbele haking'olewi mpaka mshika tepu wa nyuma afike pale pale. Madam alitaka tupime mara mbili, kwenda na kurudi. Mara ya pili tukapata tofauti ya upana wa kiganja. Mimi nikasema si neno, tukimbie. Akasema ni kweli si neno, ila tuiandike.

Muda ulikuwa unakwenda. Tulikuwa na vipindi viwili tu vilivyofuatana, na wasichana tuko wengi. Mwalimu wa michezo akapanga hivi: yeye asimame upande wa migomba na simu yake, madam asimame upande wa madarasa na ya kwake, na vijiti vyetu katikati yao. Kundi la kwanza litoke madarasani kwenda migombani. Madam anashusha kitambaa, mwalimu anapima. Kundi la pili linawasubiri hukohuko migombani, kila mtu anampima mapigo mwenzake akifika. Halafu kundi la pili nalo linakimbia kurudi madarasani, mwalimu anashusha kitambaa, madam anapima. Hakuna anayetembea bure. Kwa kweli ulikuwa mpango mzuri, na mimi ndiye niliyeusifu kwa sauti.

Nilikuwa kundi la kwanza. Nilikimbia kama nimefukuzwa na nyuki. Sekunde kumi na tano nukta nane. Mwenzangu akanidaka mkono kabla hata sijasimama vizuri, kwa sababu madam alionya kuwa moyo unaanza kushuka mara tu unapopumzika, ukichelewa unapima kitu kingine. Akapata thelathini na tisa: mia na hamsini na sita. Zamu yake ilipofika nilibaki kulekule nikamwona anaondoka vizuri, miguu mirefu ile, nikajua huyu ananipita. Msichana mwingine akampima upande wa pili. Ilipotangazwa, alikuwa na kumi na sita nukta sita.

Mwalimu wa michezo akasoma majina manne. Langu lilikuwa la nne. Niliruka, sikumbuki nilisema nini, najua tu nilipiga kelele.

Halafu akawageukia wa kundi la pili. "Nyinyi mlikuwa mnatembea. Mmekaa kule migombani mnapiga soga mkapoa. Wewe mrefu, nilikutegemea, umenivunja moyo."

"Mwalimu, nimekimbia kwa nguvu zangu zote," mwenzangu akasema.

"Nguvu zako zote ndizo hizo? Basi kachume chai."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakufunika mdomo. Alivaa sweta lake akaenda bombani kunawa miguu, akakaa huko mpaka kengele.

Kazi ya nyumbani ilikuwa grafu. Chini unaweka muda wa mbio, pembeni unaweka mapigo baada ya kukimbia, kila msichana ni nukta moja. Niliifanya jioni ile ile, harakaharaka, nimalize niende zangu. Madam alikuwa amesema tutumie rangi mbili, moja kwa kila kundi. Nilipomaliza nikaona nukta zimekaa kama mafungu mawili ya maharage. Kundi letu lote kushoto, muda mdogo. Kundi la pili lote kulia. Lakini kwa urefu wa mapigo walikuwa sawasawa na sisi, wengine wametuzidi kidogo. Mwenzangu alikuwa na mia na sitini na nne. Mimi mia na hamsini na sita.

Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilifikiri labda nimekosea rangi.

Kesho yake madam akaipitia, akaniambia niichore ubaoni. Akawauliza darasa wanaona nini. Wakaona rangi mbili tu. Akauliza tena: mtu aliyetembea, akapiga soga, moyo wake utakuwa mia na sitini na nne?

"Hapana," wakasema.

"Basi hawakutembea. Wamejituma kama wenzao, lakini wamefika wamechelewa. Wote. Kwa nini?"

Mvulana yule wa sabini na tano akasema labda ni vidole vya walimu, mmoja anawahi kubonyeza simu na mwingine anachelewa. Madam hakukasirika. Alisema inawezekana, ila kidole kinaweza kuiba sehemu ndogo ya sekunde, na hapa pengo ni kubwa kuliko hilo. Akaita mwalimu wa michezo. Akaja na filimbi yake shingoni, akaitazama grafu kwa muda.

Madam akamuuliza, "Mwalimu, ule uwanja una mteremko kiasi gani?"

"Uwanja? Uwanja ni tambarare."

"Ni tambarare, madam," na sisi tukadakia, darasa zima. Tena tulikuwa na uhakika. Mtu umekulia kwenye vilima, nyumba yenu iko juu ya ya jirani, shamba la migomba ukiteleza unaishia mtoni. Pale shuleni ukiweka mpira hauondoki, ungesema nini kama si tambarare?

Madam akacheka mpaka akashika meza. "Kwetu Shinyanga hapo pangeitwa mlima. Siku ya kwanza nimepanda kutoka migombani mpaka ofisini nilipumzika njiani. Na mimi mjinga, siku ya mbio sikukumbuka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kundi letu lilikimbia kutoka madarasani kwenda migombani, kwa hiyo tulikimbia kushuka. Wenzetu walikimbia kupanda. Nikamwangalia mwenzangu pembeni yangu. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mwalimu," nikasema, "lakini majina si yameshasomwa?"

"Yamesomwa," akajibu mwalimu wa michezo. Alionekana kama anataka yabaki hivyohivyo. Alivua filimbi, akaivaa tena. Halafu akasema, "Lakini nilimwambia mtoto wa watu akachume chai."

Wiki iliyofuata tukarudia. Kila msichana alikimbia mara mbili, kushuka na kupanda, anapumzika katikati mpaka mapigo yarudi karibu na yale ya darasani, ndipo anaruhusiwa. Mpimaji akawa mmoja tu, mwalimu wa michezo, anatembea kwenda na kurudi, na ilichukua asubuhi nzima. Mimi kusubiri moyo ushuke kulinitesa kuliko kukimbia. Mwenzangu alikuwa anapima na kusema, "Bado. Bado. Acha kutingisha mguu, hausaidii."

Kushuka nilipata kumi na tano nukta tisa. Kupanda nikapata kumi na saba nukta moja. Ndipo nilipoujua ule uwanja, mapaja yaliniambia. Jumla thelathini na tatu kamili. Yeye kupanda kumi na sita nukta tano, kushuka kumi na tano nukta nne. Jumla thelathini na moja nukta tisa, ya pili katika wote. Kutoka kundi la pili waliingia wawili. Kutoka kundi letu wakatolewa wawili.

Nilikuwa wa tano.

Niliomba mwalimu ajumlishe tena. Akajumlisha mbele yangu, polepole, hakunisema. Ilikuwa thelathini na tatu. Mwalimu akamwita mwenzangu akamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikosea, naomba radhi." Mbele ya wote. Yeye akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwalimu," akainamisha kichwa kidogo.

Wakati wa kuondoka alinifuata kwenye njia ya mitini.

"Umekasirika?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Sijui. Na wewe kidogo."

"Wewe ndiye uliyechora," akasema.

"Nilichora haraka. Ningechelewa kidogo ningeona, nisingechora."

"Ungechora tu, ilikuwa kazi ya nyumbani," akacheka, safari hii kafunika mdomo. Sikucheka. Nilikuwa na hasira mpaka siku ya tatu yake, na siku hiyo ya tatu alipokuja kukaa kwenye dawati nikamsogezea begi langu apate nafasi.

Timu ilienda mjini. Mimi nilibaki, kwa sababu gari lilikuwa dogo na wa akiba alichukuliwa mmoja tu, wa mbio ndefu. Walirudi wa tatu. Mwenzangu alinisimulia yote hatua kwa hatua, na nikamuuliza kitu kimoja tu, kama uwanja wa kule ni tambarare. Akafikiri.

"Sikuangalia," akasema. "Lakini wote tulikimbia upande mmoja."