Dakika Tisa za Dada wa Mwaloni

Kazi yangu hapa Katoro ni duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, naongeza lamineti kwenye vyeti ambavyo vingeweza kuishi bila lamineti. Tangu simu zianze kugeuza sauti kuwa maandishi nimepata na kazi nyingine: watu wananitumia sauti zao ndefu, nazisafisha ziwe tangazo linalosomeka. Wengi ni madalali wa mashamba. Dalali hana shida, ukimwondolea uongo linabaki tangazo fupi.

Dada wa mwaloni ndiye aliyenisumbua. Huyu alikuwa anauza wali pale mwaloni, wachimbaji wanaposafishia mawe yao ya dhahabu, nami nilikula kwake karibu kila siku. Chakula chake kilikuja na masimango, bei ileile. Ukichelewa unasemwa, ukiwahi unaulizwa kama huna kazi. Hatukuona ajabu. Siku anayokaa kimya ndiyo tulikuwa tunaangaliana.

Mwaka mmoja alifunga kibanda akaenda kwao Samuye kumuuguza mama yake. Kutoka huko akanitumia sauti ya dakika tisa. Kabla yake alinipigia kunieleza shida, na shida ilikuwa moja. Mama yao alikuwa anapoteza kumbukumbu, leo anajua watu, kesho hajui. Mdogo wake wa mwisho, mchimbaji, alikuwa ameondoka na rashi mpya, dhahabu imeibuka huko porini, na walikuwa wamegombana. Dada alimtuhumu mbele ya wenzake kwamba amempotezea sahani ya bati. Kijana akaondoka, akamblok. Dada alitaka arudi wakati mama bado anamtambua.

"Yumo kwenye grupu la wachimbaji," aliniambia. "Hajibu lakini anasoma, au anasomewa. Weka humo. Jina lake usilitaje, la mama usilitaje, na usiniombee msamaha. Sijakutuma msamaha."

"Si uitume tu sauti yenyewe, dada?"

"Kule mtandao wa kufungua sauti uko wapi? Na makarasha yanavyosaga mawe kwa kelele, nani atasikia? Andika. Lakini niwe mimi."

Niliipitisha sauti kwenye programu ya simu. Ikatoka aya moja isiyo na nukta hata ya bahati mbaya. Maneno ya Kisukuma programu iliyageuza kuwa vitu visivyokuwepo duniani, kwa hiyo nikasikiliza upya huku nafuata maandishi kwa kidole na kusahihisha. Ndani yake mlikuwa na salamu kwa jirani aliyepita uani, mwangaluka, mhola, mhola duhu, mpaka habari za ng'ombe wa jirani zikaisha. Mlikuwa na kuku aliyefukuzwa mara tatu. Mlikuwa na malalamiko kuhusu uji. Kijana mwenyewe alitajwa kwenye dakika ya saba, kwa kupitiwa tu.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikaondoa eeh na yaani na nanihii. Pale alipojisahihisha nikachukua kauli ya mwisho. Nikaondoa jirani, kuku na uji. Kisha, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kimejaa masimango na mtu anaumwa, nikalainisha. Nikampigia, nikamsomea:

"Ndugu yetu mpendwa, popote ulipo, familia inakuomba urudi nyumbani Samuye mapema iwezekanavyo. Mama anaumwa kidogo. Tunakupenda na kukusubiri."

Nilidhani ataguswa.

"Umemuua mama," akasema.

"Dada?"

"Mtu akifiwa kwetu huwa anaambiwaje akiwa mbali? Anaambiwa mama amefariki?"

Hapo nikaelewa, na nikaona aibu, maana mimi mwenyewe niliitwa hivyohivyo kwenye msiba wa baba. Nilipigiwa nikaambiwa mzee anaumwa kidogo, jitahidi uje, kwa sauti ya upole ambayo shangazi yangu hakuwahi kuitumia kabla. Nilijua kabla sijakata simu. Hakuna anayempa mtu habari ya kifo njiani peke yake, kwa hiyo anaambiwa ugonjwa, na upole ndio unaosema yaliyobaki. Mimi nilikuwa nimemwandikia kijana tanzia safi kabisa.

"Akisoma hiyo," dada akaendelea, "atajua tumeshazika. Atakaa huko alie, aone haya kurudi. Na hiyo tunakupenda nani kasema? Mimi?"

Hakusema. Nilirudi kuangalia, katika dakika tisa neno hilo halimo.

Nikaanza upya, safari hii nikijiuliza kitu kingine. Si nini kinazuia habari isionekane, bali nini kinaonyesha kwamba yule mama yu hai. Majibu yalikuwa kwenye niliyoyatupa. Marehemu hakatai uji. Na mfiwa hasimangwi. Anayesimangwa ana mama. Jirani na ng'ombe wake nikawaacha nje, hao walikuwa hawana hoja. Dakika ya saba nikaipandisha juu kabisa, kwa sababu kwenye grupu huonekana mistari michache tu, mengine mpaka mtu abonyeze, na mchimbaji mwenye mikono ya tope habonyezi kwa kubahatisha. Sikuongeza neno. Nilihamisha, nikakata, nikaweka nukta.

"Wewe uliyeondoka na hasira ya sahani, mama anakuulizia. Kichwa kinamchezea, asubuhi ananiita shangazi, mchana ananijua. Wewe bado anakujua, sijui mpaka lini. Miguu haina nguvu lakini mdomo anao, kunishinda mimi. Leo kakataa uji, eti umepikwa na mtu asiyejua uji. Mimi! Nimelisha mwalo mzima. Kuku katagia chini ya kitanda chake, nikimfukuza nagombezwa mimi, kuku hasemwi. Kila jioni anauliza kama umefika, namwambia yuko njiani. Usinifanye mwongo kila siku kwa mama yangu. Sahani nimeiona, ilikuwa kwa fundi wa karasha. Njoo. Hasira utaendelea nayo hapahapa, nafasi ipo."

Nilipofika kwenye sahani nilisita kidogo, nikijua alivyonikataza msamaha. Lakini alikuwa ameyasema mwenyewe, dakika ya tano, katikati ya kuku na jirani, kwa sauti ya chini. Nikasoma kama yalivyo.

"Hapo pa sahani," akasema.

"Nipaondoe?"

"Nimesema hivyo?"

"Umesema."

"Basi acha."

Nikaiweka kwenye grupu. Wachimbaji wakacheka kwa vikaragosi. Mmoja akaandika kwamba ameisoma na sikio limemuuma. Mwingine akauliza lini kibanda kitafunguliwa, ameukumbuka wali na matusi yake. Mhusika hakujibu. Nilifungua simu mara nyingi kuliko biashara yangu inavyoruhusu, nikaharibu lamineti ya cheti cha watu.

Keshokutwa yake mchana dada akanipigia. Nikakaa kabisa kwenye kiti, maana nilimjua, kama kijana amefika nitasikia basi alilopanda, nauli, nguo alizovaa, alivyokonda na alivyosalimia vibaya.

"Amefika," akasema.

"Mama je?"

"Amemjua."

Nikangoja yanayofuata. Nikaangalia simu kama imekatika. Haikuwa imekatika, sekunde zilikuwa zinahesabu. Huko nyuma nilisikia mama yao anamgombeza mtu kwa Kisukuma na mwanamume mzima anaitikia. Dada alikuwa analia, na hakuwa na la kuongeza. Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka salio lake likaisha.