Mikono Iliyoharibu Picha

Mwenzangu pale studio tunamwita Kifutio, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Watu humletea picha yenye mtu wasiyemtaka tena, naye humwondoa. Ameshafuta wachumba walioachwa, chupa za bia, hata kitambi cha bwana harusi mmoja ambaye mpaka leo akipita mlangoni kwetu hubana pumzi. Yeye hufuta, mimi huchapa na kutia fremu, na kwa kawaida tunacheka. Siku ya yule mtoto hatukucheka.

Walikuja watatu: bibi wa mtoto, mke wa mwanawe, na mtoto mwenyewe, ambaye hata kukaa bado. Picha tulishaipiga. Mama yake, huyo mke wa mwana, alijibanza nyuma ya kiti akamshika mbavuni kwa mikono miwili, blanketi la mistari likamzunguka kiunoni. Mtoto kacheka kwa fizi tupu, kakikamata kidole gumba cha mama yake kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Nataka awe peke yake," bibi alimwambia Kifutio. "Hiyo mikono itoe, mwanangu. Hebu itazame. Picha inakwenda sebuleni kwangu, wageni waone vitu kama hivyo?"

Mwenye mikono alikuwa amesimama hapo hapo. Hufua nguo za watu, na sabuni imemla vidole mpaka ngozi inabanduka. Aliivuta ndani ya mtandio wake. Mimi nilisikia kinyaa, na si kwa sababu ya mikono. Mashuka ya huyo bibi anayafua nani? Sweta la mtoto lilikuwa jeupe pe, na sijui alidhani limejitakasa lenyewe.

Lakini mteja ni mteja. Kifutio akaikuza picha mpaka mkono ukajaa kioo chote cha kompyuta. Huwezi kufuta tu, maana chini ya vidole hakuna kitu, kamera haikuona. Lazima ushone upya. Alinakili kipande cha blanketi kutoka pembeni, akakiweka juu ya mkono wa kulia, akakizungusha mpaka mistari ikakutana na mistari. Kwenye sweta alichukua ubavu mmoja akaugeuza uwe wa upande wa pili, kisha akasonya, kwa kuwa mwanga ulitoka dirishani kushoto na sasa kivuli kilikuwa kinamdanganya. Akakitia giza upya. Mikunjo ambayo vidole viliibonyeza kwenye sufu akainyoosha mmoja mmoja. Ngumi ndiyo iliyomsumbua. Ukitoa kidole gumba, inabaki imekamata hewa. Akatafuta picha nyingine ya siku ile ile ambayo mtoto alikuwa amefungua kiganja, akakipandikiza.

"Mikono mibaya kuliko yote niliyowahi kufuta," alininong'oneza. "Imeshika vizuri mno."

Tulipomwonyesha bibi, alivaa miwani, akainama. Hakuna mkono, hakuna hata alama ya ukucha. Hata hivyo uso ukamkunjamana.

"Mbona kama anaanguka?"

Kweli alikuwa anaanguka. Mwili wote umeegemea upande ambao sasa hauna kitu, na kiganja kiko wazi, anacheka huku anakwenda chini.

"Alikuwa ameshikwa, mama," Kifutio alisema taratibu. "Nimemtoa aliyemshika."

"Basi mwegemeze kitu."

"Nimwegemeze nini?"

Bibi akatazama dari, akatazama fremu zangu ukutani. Nilitamani ashindwe. Nilitamani aseme yaishe, rudisha mikono ya watu. Nadhani hata mama wa mtoto alikuwa akingoja hilo. Nilimwona ametoa vidole nje ya mtandio kidogo.

Mtoto akaanza kulalamika.

"Weka mto," alisema mama yake. Sauti haikupanda wala kushuka. "Ule wa pale kwenye kochi lenu, kaka. Utamshikilia."

"Umeona?" bibi akafurahi. "Akili anayo."

Kifutio hakunitazama. Akaupiga picha ule mto wetu uliochoka, akauingiza nyuma ya mtoto, akauvutia ncha ya blanketi juu, akautia kivuli. Mtoto wa pichani akatulia. Nikachapa, nikatia fremu ya dhahabu waliyoichagua, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilitamani kioo kinipasukie mkononi.

Mlangoni bibi alimchukua mjukuu wake, akamwonyesha mke wa mwanawe ile fremu kwa kidevu. "Beba wewe. Mgongo wangu huu haufai."

Akaibeba. Aliishika kifuani kwa mikono miwili, vidole vyote mbele juu ya kioo, huku na huku ya mtoto, pale pale tulipovitoa.