Jibu la Namba Kumi na Nne

Kwaaa. Hivyo ndivyo vizibo vya soda vilivyolia kila Jumamosi, Mwalimu alipoinamisha mkebe wa majarini na kuvimwaga mezani. Paka alitoka mbio. Vingine viliviringika hadi chini ya kochi, nami nilipiga magoti kuvitafuta, kwa sababu vilikuwa mia kamili na hatungeweza kuanza kazi kikikosekana hata kimoja.

Mwalimu alinifundisha darasa la tatu hapa Kibera. Alipostaafu alihamia Kawangware, upande unaopakana na Riruta, akaishi na bintiye. Mimi nilimaliza fomu foo, yaani kidato cha nne, na gredi isiyoweza kunipeleka popote, nikapata kazi ya kufundisha gredi ya tatu katika shule ndogo ya mabati Gatwekera, humu humu Kibera. Watoto huniita Tichaa. Chuo cha ualimu sijaona hata geti lake. Lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi, na kubwa kuliko zote ilikuwa jina langu lionekane kwenye kitabu. Chochote. Hata kiwe cha mapishi.

Kwa hivyo siku Mwalimu aliponipigia simu akaniambia kwamba shule kadhaa ndogo za Kibera na Kawangware zimeungana kutengeneza kitabu cha mazoezi cha hesabu, pamoja na mwongozo wa mwalimu, na kwamba yeye amepewa mada ya hesabu za kutoa na anataka tuiandike sisi wawili, nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama wa mboga akaniuliza kama nimeshinda mchezo wa bahati.

Nilitembea kwa miguu hadi kwake kila Jumamosi. Nilidhani kuandika mwongozo ni kuandika majibu tu. Kumbe majibu ndiyo kipande kidogo. Unamwambia mwalimu mwenzako alete nini darasani, aanze vipi, watoto watakosea wapi, na kosa likitokea afanye nini badala ya kufoka. Hapo kwa makosa ndipo Mwalimu alipopapenda zaidi.

"Kosa la mtoto lina njia," aliniambia siku ya kwanza. "Hajaokota jibu kwa hewa. Alipita mahali. Kazi yako ni kumfuata."

Tulikuwa na mchezo. Yeye alikuwa mwanafunzi, mimi mwalimu. Mama wa miaka sitini na kitu alining'iniza miguu kwenye kiti, akatafuna penseli, akaomba ruhusa ya kwenda choo na kunidanganya kwamba mwenzake amemfinya. Kisha alifanya hesabu kwenye daftari la mchezo, akikosea kwa makusudi, nami nilitakiwa kugundua kichwani mwake mna nini. Sikuruhusiwa kuweka alama ya mkasi, ile X ya kukosa. Nilitakiwa kuuliza swali moja tu: "Umefikaje hapa?"

Siku moja niliandika mfano wa hamsini na mbili toa ishirini na saba. Mwalimu akaandika thelathini na tano, akanitazama kwa ujanja. "Haya, Tichaa, nimekosea wapi?"

Nilimwambia mtoto huyu ameona mbili haitoshi kutoa saba, akageuza, akatoa mbili kwa saba. Akasema la, yeye amechukua kumi moja vizuri kabisa, akapata kumi na mbili toa saba, tano, ila amesahau kwamba kule kwenye makumi sasa yamebaki manne. Nilipiga hesabu kwa vidole. Njia zote mbili zilifika thelathini na tano.

"Sasa utajuaje umtibu ugonjwa gani?" aliuliza. Akafuta ile saba, akaweka nane. Hamsini na mbili toa ishirini na nane. Anayegeuza hupata thelathini na sita. Anayesahau makumi hupata thelathini na nne. Anayejua hupata ishirini na nne. Kila mgonjwa na dalili yake. Nilirudi Gatwekera siku hiyo nikijiona daktari.

Halafu kulikuwa na sheria ya majibu. Mwalimu alisema jibu la mwongozo halifanywi na mtu mmoja. Kila mmoja wetu alifanya maswali yote ishirini kivyake, mimi nikikaa mezani, yeye kwenye kochi, bila kuchunguliana. Baadaye tulisomeana kwa sauti. Tukilingana tulisonga mbele. Tukitofautiana, tulimwaga vizibo tukahesabu, hata kama tulikuwa na njaa.

Sijui ni Jumamosi gani alianza kubadilika. Nakumbuka aliniuliza mara mbili kama nimekunywa chai, na kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Tulicheza mchezo wetu. Sabini toa thelathini na nne, akaandika hamsini na moja. Niliifuata ile hamsini na moja pande zote. Niligeuza, nikasahau makumi, nikajumlisha badala ya kutoa. Haikuwa na njia.

"Umefikaje hapa?" niliuliza.

Aliiangalia karatasi kwa muda mrefu. Miguu yake haikuning'inia tena.

"Huyu mtoto wa leo ni mgumu, Mwalimu," nilisema nikicheka, na yeye akacheka baada yangu. Kisha mimi, kwa akili zangu zote, nikaandika kwenye sehemu ya makosa: mwanafunzi anakisia, mwambie awe makini.

Siku hiyo hiyo tulisomeana majibu. Tulitofautiana namba tisa, kumi na nne na kumi na saba. Namba kumi na nne ilikuwa themanini na moja toa arobaini na sita. Mimi nilikuwa na thelathini na tano, yeye arobaini na mbili. Niliunyoosha mkono kuuchukua mkebe.

"Wacha hiyo tin," alisema. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu. "Ni nani alimfunza mwenzake kutoa?"

Nilijua jibu langu ni sawa. Najua nilijua. Lakini huyu ndiye aliyenishika kidole kimoja kimoja nikajifunza kuhesabu, na sikuona ni adabu kumbishia nyumbani kwake, mbele ya chai yake. Nilichukua kifutio nikafuta thelathini na tano, nikaandika arobaini na mbili. Tisa na kumi na saba nilifuta vilevile. Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki iliyofuata bintiye alipiga simu kusema mama yake ana mafua, tusikutane, na karatasi zilikuwa zinasubiriwa kwenda kupigwa chapa za majaribio. Nilizipeleka.

Mwalimu mmoja wa shule ya Kianda, mtaa wa jirani humu Kibera, ndiye aliyekuja shuleni kwetu na nakala, akiipepea kama mtu anayefukuza nzi. Aliniuliza kama mwongozo wetu uliandikwa tukiwa tumelewa. Alinionyesha daftari la msichana mdogo darasani mwake. Kwenye namba kumi na nne palikuwa na thelathini na tano iliyofutwa mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni arobaini na mbili, safi, yenye tiki.

"Alikuwa amepata," alisema. "Nikamwekea mkasi kwa sababu ya hicho kitabu chenu. Akalia, akafuta, akaandika uongo ndio nifurahi."

Yule mtoto alifanya vile vile nilivyofanya mimi. Tofauti ni kwamba yeye ana miaka minane.

Wakuu wa zile shule waliniita. Waliuliza majibu ya mwisho yaliandikwa na nani. Ilikuwa hati yangu, na hilo halikuwa uongo. Nikasema ni mimi. Mmoja aliuliza kwa upole kama Mwalimu aliyapitia. Nikasema ni mimi tu, niliharakisha. Walikubaliana nirekebishe yote kabla ya nakala za mwisho, kisha jina langu litolewe, libaki la Mwalimu peke yake, kwa sababu yeye anaaminika. Nilitabasamu. Nilitabasamu mpaka nikapita kona.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Kawangware. Bintiye alinipokea mlangoni akanivuta kando. Alisema wametoka hospitali, daktari ameeleza ni ugonjwa wa kusahau, wa ubongo, ule usiorudi nyuma. Alisema amejua tangu mwaka uliopita kuna kitu. Mwalimu aliwahi kwenda kununua sukari akapatikana Riruta akiuliza njia ya kwenda shule aliyoacha kufundisha zamani.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kumbishia."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Na mimi sikuwa nimembishia hata kabla sijajua.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto. Alinijua. Aliuliza mada yetu imeendaje. Nikasema imeenda vizuri, watoto wameipenda sana. Alinitazama vile alivyotutazama zamani tukisema mbwa amekula daftari.

"Lete daftari la mchezo," alisema.

Nilimpa. Alilifungua mahali pa sabini toa thelathini na nne, pale alipoandika ile hamsini na moja. Aliweka kidole chini yake. Nilingoja aanze mchezo, aombe kwenda choo, chochote. Hakuomba.

"Niulize," alisema.

"Umefikaje hapa, Mwalimu?"

"Sijui, mami." Alisema polepole, bila kulia. "Kosa la mtoto lina njia. Hili langu nimelitafutia njia, halina."

Niliinamisha kichwa kwenye magoti yake, nikalia kama niliyenyimwa uji. Alinipapasa nywele. Baada ya muda alisema majibu yote yafanywe upya, na jina lake lisiwekwe mahali hajapitia kwa akili zake. Akamwambia bintiye anipe mkebe. Nilipofika mlangoni aliniuliza kama nimekunywa chai.

Nyumbani Gatwekera kulikuwa bado mchana. Jirani alikuwa anafua, watoto walikuwa wanacheza bano, zile gololi, nje. Kwanza nilitafuta ile sehemu ya makosa, nikaifuta sentensi ya mwanafunzi anayekisia. Nikaandika: Jibu likikosa njia, usimkemee. Kaa naye.

Kisha nilifanya maswali yote ishirini mezani, nikageuza karatasi isionekane. Nikahamia kitandani, upande ambao kwake ungekuwa kochi, nikayafanya tena kwenye karatasi nyingine, nikianzia la ishirini kurudi la kwanza ili mkono usikariri. Nikakaa katikati na karatasi mbili. Nikasoma kwa sauti, jibu la mezani, halafu jibu la kitandani. Yalilingana yote.

Hata hivyo nilipofika namba kumi na nne nilimwaga vizibo. Nilihesabu themanini na kimoja, nikaondoa arobaini na sita, nikavipanga vilivyobaki kumi kumi. Nikaviangalia, thelathini na vitano, nikavirudisha kwenye mkebe kimoja kimoja, visipige kelele.